Kasi kikomo ya gololi ndani ya oili: mwongozo kamili, kuanzia kopo hadi jibu linalokubaliana na saa

Gololi ya chuma ya milimita 6.35, oili ya injini namba 40, jibu: mita 0.67 kwa sekunde. Jibu hilo nimeliona kwenye madaftari mengi, limepigiwa mstari chini mara mbili, hesabu yake haina kosa hata moja. Lakini gololi ileile ukiiangusha ndani ya oili ileile hapa Mtwara, inashuka kwa karibu mita 0.39 kwa sekunde. Tofauti ya namna hiyo haisababishwi na mkono uliotetemeka kwenye saa. Kanuni iliyotumika haikuwa ya mtiririko huo.

Kanuni hiyo ni ya Stokes. Ni nzuri na ni fupi, ndiyo maana watu wanaikimbilia. Inafaa pale tu oili inapoipisha gololi taratibu, bila kuacha msukosuko wowote nyuma yake. Gololi ya chuma ndani ya oili ya injini kwa kawaida imeshavuka mpaka huo. Mwongozo huu unaonesha namna ya kupata jibu sahihi kwa kutumia kizidishi cha ukinzani, na namna ya kujua uko upande gani wa mpaka kabla hujaliamini jibu lako.

Njia nitakayoifuata ni hii: gololi ndogo tunaitumia kupima mnato wa oili, kisha gololi kubwa tunaitabiri kwa hesabu, halafu tunaiangusha kuona kama utabiri umesimama.

## Vitu unavyohitaji

- Gololi mpya za baiskeli: ndogo za ndani ya friwili (milimita 3.175, yaani inchi 1/8) na kubwa za gurudumu la nyuma (milimita 6.35, yaani inchi 1/4). Chukua 20 za kila aina.
- Oili mpya ya injini, namba 40, lita 5.
- Kopo la plastiki la mviringo linaloonesha ndani, kipenyo sentimita 15, kina si chini ya sentimita 30.
- Rula ya chuma ya sentimita 30.
- Simu yenye kurekodi mwendo wa pole, na simu ya pili yenye saa ya kusimamisha.
- Kipimajoto, kibano, sumaku, mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.
- Kikokotoo chenye kitufe cha vipeo.

Kuhusu gololi: mwambie fundi baiskeli unataka mpya, na usikubali za kwenye habu iliyofunguliwa. Zilizotumika zimelika upande mmoja, na kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe.

Kuhusu oili: wengine huku Kusini huniuliza kama wanaweza kutumia mafuta ya ufuta, kwa kuwa yapo tele. Yanawezekana, lakini ni mepesi mno kwa gololi hizi. Kubwa itahitaji kushuka karibu sentimita 20 kabla haijatulia kwenye kasi moja, na kopo lako halitatosha. Mafuta ya maganda ya korosho usiyaguse kabisa kwa kazi hii. Ni meusi, huoni ndani, na yanaunguza ngozi.

## Hatua ya 1: Thibitisha uzito kabla ya chochote

Pima gololi 20 kubwa kwa pamoja. Mizani isome karibu gramu 20.9. Gololi 20 ndogo zisome karibu gramu 2.6. Namba hizo zinatoka kwenye densiti ya chuma cha beringi, kilo 7800 kwa mita ya ujazo. Ukipata pungufu kwa zaidi ya asilimia 3 kwenye zile kubwa, ama zimelika ama si za ukubwa uliodhani.

Tunapima 20 kwa pamoja kwa sababu gololi moja ndogo ina gramu 0.13 tu, na mizani ya kawaida haiwezi kuitofautisha na vumbi.

Kisha mimina mililita 500 za oili kwenye chombo cha kupimia na uipime. Yangu ilikuwa gramu 440, hivyo densiti ni kilo 880 kwa mita ya ujazo.

## Hatua ya 2: Andaa kopo, na rula iwe ndani ya oili

Mimina oili taratibu ikitiririka kwenye ukuta wa kopo, si katikati. Lita 5 kwenye kopo la kipenyo cha sentimita 15 zinafika kina cha sentimita 28 hivi. Funika na uache usiku kucha. Viputo vya hewa vinapanda polepole sana kwenye oili hii, na kimoja kikinasa kwenye gololi kinaibeba kidogo juu, ukapata kasi pungufu bila kujua sababu.

Sasa rula. Watu wengi wanabandika tepu mbili nje ya kopo, umbali wa sentimita 15, na kuhesabu muda kati yake. Mimi pia nilianza hivyo, na kasi zangu zote zikawa chini kwa karibu asilimia 5, zote, gololi ndogo kwa kubwa. Nilibadilisha oili, nikabadilisha gololi, hakuna kilichosaidia. Tatizo lilikuwa kwamba tepu ilikuwa mbele ya kopo na gololi ilikuwa ikishuka katikati, mbali zaidi na simu. Simu ikiwa umbali wa mita moja, kitu kilichoko nyuma zaidi kinaonekana kifupi. Kwa hiyo gololi ilipoonekana imetembea sentimita 15 za tepu, ilikuwa kwa kweli imetembea karibu 15.7.

Dawa yake ni kusimamisha rula ndani ya oili yenyewe, wima, kisha kuangusha gololi kando yake kwa umbali wa sentimita 3, zikiwa sawa kwa umbali kutoka kwenye simu. Hapo chochote kinachofupisha gololi kinafupisha na rula.

Weka alama mbili kwenye rula: ya juu sentimita 8 chini ya uso wa oili, ya chini sentimita 23 chini ya uso. Sentimita 8 za kwanza ni za gololi kuongeza kasi. Gololi kubwa kwenye oili hii inahitaji kama 6 ili ifike kwenye asilimia 99 ya kasi kikomo, hivyo 8 inatosha. Sentimita 5 za mwisho zinaachwa kwa sababu gololi inaanza kuhisi sakafu ya kopo kabla haijaigusa.

Hatua hii imekamilika ukitazama kwenye simu na kusoma milimita za rula kupitia oili bila kukisia, na huoni kiputo hata kimoja.

## Hatua ya 3: Angusha na urekodi

Soma joto la oili na uliandike. Langu lilikuwa nyuzi 29. Usiruke jambo hili: karibu na joto hilo, mnato wa oili namba 40 unapungua kwa kama asilimia 6 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Karatasi ya kiwanda huwa inaandika mnato wa nyuzi 40 na 100, na mtu akichukua ule wa nyuzi 40 akautumia Mtwara kwenye nyuzi 29, anakuwa amechukua karibu nusu ya mnato halisi. Kwa sababu hiyohiyo namba ya Mtwara mjini haifai kule Newala juu ya uwanda, ambako hewa ni baridi zaidi. Gololi ndogo na kubwa ziangushwe mfululizo, kopo lile lile, mbali na jua la dirishani.

Chovya gololi kwenye oili kwanza, iviringishe kwa kibano mpaka ilowe yote. Gololi kavu inaingia na ngozi ya hewa. Kisha ishike kwa kibano ikiwa imezama, katikati ya kopo, na uiachie bila kuisukuma.

Simu iwe kwenye kimo cha katikati ya alama mbili, umbali wa mita moja, ikirekodi fremu 120 kwa sekunde. Simu ya pili iweke kando ya kopo saa yake ikikimbia, ionekane kwenye video. Sababu yake ni hii: simu nyingi zikirekodi mwendo wa pole huhifadhi video ikiwa imeshanyooshwa, na mtu anahesabu fremu akidhani ni 120 kwa sekunde kumbe sivyo. Saa inayoonekana ndani ya picha haidanganyi. Hesabu fremu ngapi zimepita saa ikitembea sekunde moja, ndiyo namba yako ya kweli.

Angusha kila gololi mara tano. Itoe kwa sumaku kupitia ukuta wa kopo, ukiiburuta juu polepole, na uiweke sumaku mbali kabla ya kuangusha nyingine.

Gololi yangu ndogo ilitumia fremu 131 kwa wastani, na hazikutofautiana kwa zaidi ya fremu 2. Hiyo ni sekunde 1.092 kwa mita 0.15, kasi ya mita 0.1374 kwa sekunde. Kama fremu zako zinatofautiana kwa 6 au zaidi, usiendelee na hesabu. Gololi inapita karibu na ukuta, au kuna kiputo, au oili haijatulia tangu ulipoiburuta gololi kwa sumaku mara ya mwisho. Dakika mbili za kusubiri kati ya gololi na gololi zinatosha.

Ili kujua kama umefika kasi kikomo kweli, gawa umbali katikati: fremu za sentimita 7.5 za juu zilingane na za sentimita 7.5 za chini. Zikiwa za chini ni chache, gololi ilikuwa bado inaongeza kasi. Teremsha alama ya juu.

## Hatua ya 4: Kutoka kasi ya gololi ndogo hadi mnato wa oili

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halionekani.

Gololi iliyofika kasi kikomo ina kani tatu zinazolingana: uzito wake unavuta chini, oili iliyosukumwa pembeni inaielesha juu, na ukinzani wa oili unapinga mwendo. Ukiandika usawa huo kwa kizidishi cha ukinzani, Cd, unapata:

```
Cd = 4*g*d*(pc - pm) / (3*pm*v^2)
```

Hapa `g` ni 9.8, `d` ni kipenyo kwa mita, `pc` ni densiti ya chuma, `pm` ni densiti ya oili, `v` ni kasi uliyopima. Angalia vizuri: mnato haupo kwenye mstari huu. Cd unaipata moja kwa moja kutoka kwenye kasi, bila kudhani chochote kuhusu aina ya mtiririko. Ndiyo maana tunaanzia hapa.

Kwa gololi ndogo:

```
Cd = 4*9.8*0.003175*(7800 - 880) / (3*880*0.1374^2) = 17.3
```

Cd sasa inatuambia nambari ya Reynolds, Re, ambayo ni ulinganisho wa nguvu ya mwendo wa oili na nguvu ya mnato wake. Uhusiano wa Cd na Re kwa mpira umepimwa na watu wengi, na mlinganyo wa Schiller na Naumann unaufuata vizuri kuanzia Re ndogo sana hadi karibu 800:

```
Cd = (24/Re) * (1 + 0.15*Re^0.687)
```

Sehemu ya kwanza, 24/Re, ndiyo Stokes mwenyewe. Mabano ni nyongeza ambayo Stokes hana. Re ikiwa ndogo mabano yanakaribia 1 na Stokes anasema kweli.

Kutafuta Re kutoka kwenye Cd hakuna njia ya mkato, unajaribu namba. Jaribu Re = 1: unapata Cd 27.6, kubwa mno. Jaribu 2: unapata 14.9, ndogo mno. Jaribu 1.5: unapata 19.2. Jaribu 1.7: unapata 17.2. Umekaribia. Kwa 1.69 unapata 17.3, na tumefika.

Kutoka hapo mnato unatoka kwa mstari mmoja:

```
mnato = pm*v*d / Re = 880*0.1374*0.003175 / 1.69 = 0.227
```

Vizio ni paskali-sekunde.

Tazama kingetokea nini kama ungemtumia Stokes kwenye kipimo hichohicho. Ungepata mnato 0.276, zaidi kwa asilimia 22. Kipimo kizuri, gololi nzuri, video nzuri, na bado oili yako ingeonekana nzito kuliko ilivyo, kwa sababu ukinzani ulioletwa na msukosuko wa oili umeuhesabu kama mnato. Mtu akishapata mnato huo mbaya anauandika, na hesabu zote zinazofuata zinaubeba.

Hakiki namba yako: oili mpya ya namba 40 kwenye nyuzi 27 hadi 31 inatakiwa iwe karibu 0.2 hadi 0.26. Ukipata 0.02 au 2, umekosea milimita na mita. Karibu kila mara ni hapo.

## Hatua ya 5: Tabiri gololi kubwa

Sasa unajua mnato na hujui kasi. Tatizo ni kwamba Cd inahitaji Re, Re inahitaji kasi, na kasi inahitaji Cd. Unauvunja mzunguko huo kwa kukisia kasi, kuhesabu, kisha kutumia jibu kama makisio mapya.

Mlinganyo wa kani ukiugeuza upande wa kasi, na ukaweka namba za gololi kubwa, unakuwa:

```
v = (0.6525 / Cd)^0.5
```

Namba 0.6525 ni 4 × 9.8 × 0.00635 × 6920 ikigawanywa kwa 3 × 880. Haibadiliki, iandike pembeni. Vilevile Re = 880 × 0.00635 × v ÷ 0.227, yaani 24.6 × v.

Anza na kasi ya Stokes. Haiaminiki kama jibu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia:

```
v = g*d^2*(pc - pm) / (18*mnato) = 0.669
```

Mzunguko wa kwanza: Re ni 16.5. Cd ni 2.96. Kasi mpya ni 0.470.

Mzunguko wa pili: Re ni 11.6. Cd ni 3.75. Kasi mpya ni 0.417.

Endelea hivyo. Unapata 0.400, kisha 0.394, kisha 0.392, kisha 0.391, na hapo inatulia. Usiishie mzunguko wa pili kwa kuwa umechoka. Daftari moja nililolisahihisha liliishia 0.417 na mwenyewe akaamini njia nzima ni mbovu, wakati alibakiza mistari minne tu.

Mwenye kompyuta, au simu inayoendesha Python, anaweza kuacha mashine izunguke:

```
v = 0.669
for i in range(12):
    Re = 880*v*0.00635/0.227
    Cd = 24/Re*(1 + 0.15*Re**0.687)
    v = (0.6525/Cd)**0.5
    print(round(Re, 2), round(v, 3))
```

Lakini mara ya kwanza fanya kwa mkono. Ukishaona kasi ikishuka hatua kwa hatua na hatua zenyewe zikizidi kuwa fupi, utajua mara moja siku mashine itakapokupa upuuzi.

## Hatua ya 6: Hakiki hali ya mtiririko

Chukua kasi ya mwisho, 0.391, na uhesabu Re yake: 9.6. Sasa jiulize kama kanuni uliyotumia inafanya kazi kwenye Re hiyo.

Chini ya 0.1, Stokes anatosha na huna haja ya mzunguko wowote. Re ikifika 1, ukinzani halisi umeshampita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kutoka hapo hadi karibu 800 ni uwanja wa mlinganyo tulioutumia. Kutoka 1000 hadi karibu 200,000, Cd haibadiliki sana, inazunguka 0.44. Gololi ndani ya oili huwezi kuifikisha huko, lakini jiwe linaloanguka majini kutoka jahazini linafika bila shida.

Re ya 9.6 iko ndani kabisa ya uwanja wetu. Tumehakiki.

Kosa la hila liko hapa: watu wanahakiki kwa Re ya makisio badala ya Re ya jibu. Kasi ya Stokes ilitupa Re 16.5, na hiyo si Re ya mtiririko wowote uliowahi kutokea ndani ya kopo lako. Inafaa kukuonya kwamba Stokes amekosea, basi.

Jambo jingine la kuhakiki ni ukuta wa kopo. Kwenye mtiririko wa Stokes, ukuta unaongeza ukinzani kwa takriban mara 1 + 2.1 × d ÷ D, ambapo D ni kipenyo cha kopo. Kwetu hiyo ni asilimia 4 kwa gololi ndogo na 9 kwa kubwa, lakini hiyo ni dari. Re ikipita 1 athari ya ukuta inapungua upesi, na kwenye kopo la sentimita 15 nimeiacha bila kuiongeza. Kwenye chupa ya maji ya kunywa yenye kipenyo cha sentimita 6, dari yenyewe ni asilimia 22 kwa gololi kubwa, na hapo siwezi kukuambia uiache. Tafuta chombo kipana.

## Hatua ya 7: Angusha kubwa na ulinganishe

Utabiri wa mita 0.391 kwa sekunde unamaanisha sentimita 15 zitapitwa kwa sekunde 0.384, yaani fremu 46. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla hujaangusha. Kuhesabu fremu ukiwa hujui unachotarajia na kuhesabu ukiwa unakitamani ni vitu viwili tofauti, na karatasi inakulinda.

Mimi nilipata 46, 46, 47, 46, 47. Wastani 46.4, kasi 0.388. Tofauti na utabiri ni chini ya asilimia moja, na fremu moja peke yake ni asilimia 2, kwa hiyo siwezi kudai usahihi zaidi ya huo. Mlinganyo wa Cd wenyewe una mashaka ya asilimia kadhaa. Ukiwa ndani ya asilimia 5, kazi yako ni nzuri.

Ukiwa nje ya hapo, upande wa kosa unakuambia pa kutazama.

Gololi zote mbili zikiwa polepole kwa kiasi kimoja, tazama rula na umbali. Ukiwa umepima kwa tepu ya nje, sababu umeshaipata.

Kubwa ikiwa kasi kuliko utabiri, na ndogo uliipima asubuhi, oili imepata joto. Nyuzi moja inatosha kuisogeza kubwa kwa asilimia 3 hivi. Rudia zote mbili mfululizo.

Kubwa ikiwa polepole na nusu ya juu ya njia ikiwa na fremu nyingi kuliko ya chini, haikuwa imefika kasi kikomo.

Na ukipata kipimo karibu 0.39 lakini hesabu yako inasema 0.67, unajua sasa ni nani aliyekuletea hiyo 0.67. Wengine wanachanganya: mnato wanautoa kwa Stokes kwenye gololi ndogo, 0.276, kisha kubwa wanaitabiri kwa Cd. Kasi inatoka chini ya kipimo. Tumia mlinganyo mmoja pande zote mbili.

## Gololi ya tatu

Siku niliyonunua zangu, fundi alinihesabia za friwili na za nyuma, kisha akaongeza nyingine kiganjani. "Mwalimu, na hizi za mbele uchukue, baiskeli haiendi kwa gurudumu moja." Ni za milimita 4.76, inchi 3/16, saizi ya katikati.

Nilizitumia kama mtihani wa mwisho, na ninakushauri nawe uzitumie hivyo, kwa sababu namba zake hazikuingia popote kwenye hesabu ya mnato. Kwake namba isiyobadilika ni 0.489 na Re ni 18.5 × v. Zungusha mpaka itulie. Utafika mita 0.261 kwa sekunde na Re ya karibu 4.8, yaani fremu 69 kwa sentimita 15.

Kopo langu, nyuzi 29, gololi tatu za mwisho kabla ya kurudisha oili kwenye galoni lake: 69, 70, 69.